Mushahara wa dola nao unapoteza nguvu: wadelege, tujifunze kusoma pengo



Mwanzo wa mwaka 2021 nilikuwa kati ya wadelege wenye walitia sahihi ku konvansyo kolektive ya miaka tatu, ku kampani moja yenye sitataja jina. Mushahara wa musingi wa kategori yenye tulikuwa tunatetea ulikuwa dola 500 kwa mwezi. Sisi tuliomba nyongeza ya asilimia 5 kila mwaka, patroni akatoa 1. Kisha siku nne za kubishana tukakutana ku 2. Tulipotoka mu chumba, wenzetu wa ku mulango walituuliza swali moja tu: "Iko mu dola?" Tukajibu: "Iko mu dola." Wakapiga mikono, na sisi tukarudia nyumbani roho nyeupe.

Kila mutu wa huku anaelewa juu ya nini swali lilikuwa lile. Franka yetu imetufundisha. Mushahara wa chini wenye serikali iliweka mu mwaka 2018 ulikuwa franka 7075 kwa siku. Wakati ule zilikuwa karibu dola 4 na nusu. Mu mwaka 2024 franka zilezile 7075 hazikuwa zinafika hata dola 3. Karatasi ya mushahara haikubadilika hata chapa moja, lakini mufuko wa unga ulikuwa unaenda mbali kila mwaka. Njo maana tulijiambia: tukipata dola, tumeokoka.

Leo ninataka kusema kama hatukuokoka vile tuliwaza. Dola nayo inaoza. Inaoza polepole kuliko franka, lakini inaoza. Na kuko mahali pa wazi, penye kila mutu mwenye telefone anaweza kutazama, penye wenye feza za dunia wanaandika kila siku wanawaza dola itaoza kwa mbio gani. Sisi wadelege tunaingia mu mazungumuzo bila kutazama pale. Naona ni kosa letu, na ninajiweka wa kwanza mu kosa hilo.

Tuanze na hesabu ya ile konvansyo yetu. Amerika wanapima bei ya vitu vyenye familia ya muji inanunua, na kila mwezi wanatoa namba moja yenye inaitwa CPI-U. Mwezi wa 12 mwaka 2020 namba ile ilikuwa 260.5. Mwezi wa 12 mwaka 2021 ilikuwa 278.8. Mwaka 2022 ilifika 296.8, na mwisho wa 2023 ilikuwa 306.7. Ukigawanya 306.7 na 260.5, unapata kama vitu vyenye vilikuwa vinauzwa dola 100 mwisho wa 2020 vilikuwa vinauzwa karibu dola 117 na senti 75 mwisho wa 2023.

Sasa weka mushahara wetu pembeni. Na 2 kila mwaka, dola 500 zilikuwa 510 mwanzo wa 2022, 520 mwanzo wa 2023, na 530 na kidogo mwanzo wa 2024. Lakini kusudi mufanyakazi abakie na nguvu ileile yenye alikuwa nayo siku tulitia sahihi, alipaswa kupata 535 mwanzo wa 2022, 570 mwanzo wa 2023, na 589 mwanzo wa 2024. Mwaka wa kwanza tulikuwa nyuma dola 25 kwa mwezi, wa pili karibu 50, wa tatu 58. Tulikuwa tunapandishwa kila mwaka na tulikuwa tunashuka kila mwaka. Tena hakuna mutu alivunja konvansyo. Patroni alilipa kila kitu chenye kiliandikwa, mupaka senti ya mwisho.

Kosa lilikuwa wapi basi? Nilipata jibu nilipoanza kusoma mambo ya karatasi za deni za serikali, zile zenye tunaita obligasyo. Tusiogope neno hilo. Obligasyo ni mukopo: unamupa serikali feza leo, anakuandikia atakurudishia siku gani na atakuongezea ngapi kila mwaka. Ukitazama muzuri, konvansyo ya miaka tatu ni ndugu yake. Mufanyakazi anaahidi kazi yake kwa miaka tatu, patroni anaandika leo atamulipa ngapi kila mwaka. Wote wawili, mwenye kukopesha na mwenye kufanya kazi, wanapokea kesho feza zenye hesabu yake ilifungwa leo. Na wote wawili wanaliwa na kitu kimoja, kupanda kwa bei.

Wenye kukopesha waliona hatari hiyo zamani, wakaomba karatasi ya namna ingine. Serikali ya Amerika inauza karatasi za namna mbili, ninaomba tuzitofautishe polepole.

Ya kwanza ni karatasi ya kawaida. Ukimukopesha dola 1000 kwa asilimia 4, anakupa 40 kila mwaka, na mwisho anakurudishia 1000. Bei ipande, isipande, ni vile. Ile 4 ni faida ya kuandikwa: unaisoma ku karatasi, lakini haikuambie utanunua nini nayo.

Ya pili ilianza kuuzwa kule mu mwezi wa kwanza wa mwaka 1997, na jina lake ni TIPS. Hapa, zile dola 1000 zenyewe zinafuata namba ya bei, ile CPI-U. Bei ikipanda asilimia 5, deni linakuwa 1050. Na faida yenye inaandikwa juu yake, tuseme asilimia 1.7, haihesabiwe tena juu ya 1000, inahesabiwa juu ya 1050. Ile 1.7 ni faida ya kweli: ndiyo kiasi chenye utapata zaidi kisha bei kuwa imekwisha kulipwa. Tena kuko ulinzi mumoja wa chini: hata bei zikishuka, mwisho hawatakurudishia chini ya zile 1000 za mwanzo.

Mutu asiseme kama hii ni akili ya mabenki tu, haituhusu. Mu mwaka 1780, wakati wa vita ya uhuru ya Amerika, serikali ya Masachusetsi ilikuwa na deni la mishahara ya askari wake, na feza za karatasi zilikuwa zimepoteza nguvu kabisa. Askari walipewa karatasi za deni zenye malipo yake yalifuata bei ya vitu vinne: mahindi, nyama ya ng'ombe, sufu ya kondoo na ngozi ya kushona viatu. Tena kipimo cha kila kitu kiliandikwa. Kwa hiyo moja ya karatasi za kwanza za namna hii mu dunia ilitengenezwa juu ya mishahara. Watu wa mushahara njo walikuwa na shida hii mbele, na mabenki yakafuata.

Sasa tunafika ku pengo. Karatasi mbili, mukopaji mumoja, muda mumoja wa miaka tano. Moja inaandika 4, ingine inaandika 1.7. Juu ya nini mutu achukue ya 1.7? Juu anawaza bei zitapanda, na karatasi yake itapanda pamoja nazo. Tosha 1.7 ku 4, inabakia 2.3. Hiyo 2.3 njo kipimo cha kulingana: mbio ya bei yenye, kama inatokea kweli, wenye karatasi mbili wanatoka sawasawa.

Hakikisha na mwaka mumoja tu. Bei zikipanda 2.3, mwenye karatasi ya kwanza iko na dola 1040. Wa pili, deni lake limekuwa 1023, na 1.7 juu yake ni dola 17 na senti 39. Jumla ni 1040 na senti 39. Ni sawa, ile tofauti ndogo ni juu tulitosha tu badala ya kugawanya. Lakini bei zikipanda 5, wa kwanza anabakia na 1040, na wa pili iko na 1050 na karibu 18, ni kusema 1068. Na bei zikipanda 1 tu, wa kwanza anacheka na 1040 yake, wa pili anapata 1027. Kila mutu mwenye anachagua kati ya karatasi hizi mbili anasema, bila kufungua kinywa, kama anawaza bei zitapita juu ya 2.3 ao zitabakia chini. Wakiwaza wengi kama zitapita, wanakimbilia karatasi ya pili, faida yake ya kweli inashuka, na pengo linapanuka. Njo maana pengo linatembea kila siku.

Sasa rudi ku meza yetu. Patroni anatoa asilimia 2 ya kufungwa kwa miaka tatu ao tano. Hiyo ni karatasi ya kwanza. Mudelege anapaswa kujiuliza: leo pengo ni ngapi? Kama pengo ni 2.3 na patroni anatoa 2, nyongeza hiyo haiko nyongeza. Wale wenye wanaweka feza zao wenyewe mu hatari wanawaza dola itapoteza 2.3 kila mwaka, na yeye anakupa 2. Anakuomba utie sahihi ku mushahara wenye kushuka, na akuandikie neno "nyongeza" juu yake. Kama anatoa 3, basi kuko 0.7 kidogo yenye tunaweza kuita nyongeza ya kweli, kama wenye feza wanawaza muzuri.

Namna ya kutazama haiko nguvu. Banki kuu ya Amerika iko na tawi mu Seint Luis, na tawi hilo linaweka hesabu hizi wazi ku entaneti, bila kulipa, ku mahali panaitwa FRED. Ukiandika `DGS5` mu nafasi ya kutafuta, unapata faida ya kuandikwa ya miaka tano. Ukiandika `DFII5`, unapata faida ya kweli ya miaka tano. Ukiandika `T5YIE`, wamekwisha kukutoshea hesabu, wanakupa pengo lenyewe. Kwa namba ya bei, andika `CPIAUCNS`. Megabaiti chache tu. Mimi ninaandika pengo ku kaye yangu mwanzo wa kila mwezi, na siku ya mazungumuzo ninafika na kaye.

Hapa mumoja wenu ataniuliza swali lenye kijana mumoja wa ateliye aliniuliza: "Papa delege, sasa ile mwanzo wa 2021, pengo lilikuwa ngapi?" Ni swali la akili, na jibu linauma. Mwanzo wa 2021, faida ya kuandikwa ya miaka tano ilikuwa chini ya asilimia 0.4. Faida ya kweli ilikuwa chini ya sifuri, karibu 1.6 chini. Wenye feza walikuwa wanakubali kupoteza kidogo kwa hakika, kuliko kupoteza mingi kwa bahati. Kutoka 1.6 chini ya sifuri mupaka karibu 0.4 juu, pengo ni karibu 2.

Ni kusema, ile 2 yetu ilikuwa sawa na pengo. Kama ningekuwa na kaye yangu siku ile, kaye ingeniambia: tia sahihi. Na tungepoteza vilevile, juu mwaka ule mumoja wa 2021 bei za Amerika zilipanda asilimia 7, na mwaka wenye ulifuata 6 na nusu. Wenye feza za dunia walidanganyika pamoja na sisi.

Nimelifikiria jambo hilo kwa muda mrefu, na naona njo fundisho kubwa kuliko yote. Pengo ni bei, haiko unabii. Ni bei ya kubadilisha hatari na mwenzako: mumoja anatoa namba ya kufungwa, mwingine anatoa ahadi ya kufuata soko. Mu 2021 wenye walikuwa na karatasi ya kufuata bei hawakujua mambo kuliko wengine. Walilipwa tu juu karatasi yao ilifuata. Sisi tulikuwa na namba ya kufungwa, tukaachwa mu barabara. Kwa hiyo pengo linatusaidia kujua kama namba ya patroni ni ndogo, lakini haliwezi kutulinda. Ulinzi ni kifungu cha kufuata bei.

Kuko mitego mingine mbili yenye inafaa kujua mbele ya kupiga meza na namba hii.

Wa kwanza: pengo linaweza kusinyaa juu ya woga, bila bei kuhusika. Mwezi wa tatu mwaka 2020, wakati korona iliingia na kila mutu alikuwa anatafuta feza za mukono, watu waliuza TIPS kwa haraka. Karatasi hizo haziuzwe kwa wepesi sawa zile za kawaida, bei yake ikaanguka, faida yake ya kweli ikapanda, na pengo la miaka tano likashuka mupaka karibu na sifuri. Mwisho wa 2008 lilishuka hata chini ya sifuri. Hakuna mutu mwenye akili aliwaza dola haitapoteza kitu kwa miaka tano. Patroni mwenye anachagua siku kama ile kukuonyesha pengo, anakuonyesha soko lenye kuwa na homa. Njo maana ninasema andika kila mwezi: ukiona namba imeanguka gafula, na `T10YIE` ya miaka kumi inatetemeka nayo, ngojea homa ipite. Tena kuko kitu chenye kinavuta upande mwingine: watu wanakubali kulipa kidogo zaidi kusudi walindwe, na malipo hayo yanaingia mu pengo na kulipanua. Kwa hiyo usikate maneno juu ya tofauti ya 0.1 ao 0.2.

Mutego wa pili uko kwetu wadelege. Mwezi wa 10 mwaka 2023, faida ya kuandikwa ya miaka tano ilifika karibu 5. Mwenzangu mumoja alisimama mu mukutano akasema: "Amerika wenyewe wanaandika 5, ni kusema wanangojea bei kupanda 5, na sisi tuombe 5." Watu wakapiga kelele za furaha. Lakini faida ya kweli ilikuwa imepanda mupaka karibu 2 na nusu, na pengo lilikuwa chini ya 2 na nusu. Feza ilikuwa imekuwa gali kukopa, haiko bei za soko zenye zilikuwa zinangojewa ku 5. Patroni wa fedha anajua tofauti hiyo tangu shule. Ukileta 5 yako kwa sababu hiyo, atakuzimisha kwa dakika mbili, na hata maombi yako mengine ya haki yatapoteza uzito. Usisome karatasi moja. Soma mbili, tosha.

Na sisi hapa Kongo, je, hatuna karatasi za kufuata? Tunazo. Tangu mwezi wa 10 mwaka 2019, Wizara ya Feza ilirudia kuuza bon ya Trezor, na kuko zile zenye wanaita "endekse". Wengi wanasikia neno hilo na wanawaza zinafuata bei ya soko. Hapana. Zinafuata bei ya dola: franka ikishuka mbele ya dola, deni linapandishwa. Ukilinganisha faida ya karatasi ya franka tupu na faida ya ile yenye kufuata dola, kwa muda mumoja, pengo lake linakuambia namna wenye kukopesha wanaogopa franka itashuka. Halikuambie kitu juu ya bei ya unga. Ona basi namna hata serikali yetu, ikitaka kutuliza mwenye kumukopesha, inamuahidi dola na inasimama pale. Ni wazo lilelile letu sisi ku mulango wa kampani: "Iko mu dola?" Na dola yenyewe, nani ataichunga?

Wengine watasema: namba ya Amerika inapima maisha ya Wamerika, nyumba zao na magari yao. Mama wa Kolwezi anapika bukari. Ni kweli, na sitaki kuficha. Unga wetu mingi unapita Kasumbalesa. Zambia ikikosa mvua, sawa vile ilikosa mu 2024, gunia linapanda hapa hata kama bei za Amerika zimelala. Tena mwisho wa mwaka 2025 tuliona kitu kigeni: franka ilipata nguvu gafula, dola moja ikaleta franka chache kuliko zamani, na wauzaji wa soko hawakupunguza bei ya franka kwa mwendo uleule. Mwenye mushahara wa dola alipunguziwa bila mutu kugusa mushahara wake. Kifungu cha kufuata namba ya Amerika hakingemusaidia siku ile. Kwa hiyo ninakiona kama sakafu ya nyumba tu: kinakuchunga na kuoza kwa dola yenyewe. Kwa mambo ya soko letu inafaa ukuta mwingine.

Ninapendekeza basi vitu vine ku konvansyo zenye zitazungumuzwa.

Kwanza, mushahara wa musingi wa dola ufuate CPI-U, mara moja kwa mwaka. Kwa nyongeza ya mwezi wa kwanza, tutumie namba ya mwezi wa tisa, tuigawanye na ya mwezi wa tisa wa mwaka wenye ulitangulia. Namba inatoka nyuma ya muda. TIPS zenyewe zinatumia namba ya miezi tatu ya mbele. Na tuandike nini kitafanyika kama namba haikutoka. Mutu asicheke: mu 2025 ofisi za serikali ya Amerika zilifungwa kwa wiki nyingi, na namba ya mwezi wa 10 haikutoka kabisa. Neno moja linatosha: kama mwezi haupo, tumieni mwezi wenye ulitangulia.

Pili, sakafu. Namba ikishuka, mushahara usishuke. Karatasi ya Amerika inamuchunga mwenye kukopesha namna hiyo; sioni sababu ya kumuchunga yeye na kumuacha muchimbaji.

Tatu, patroni ataomba dari. Atasema: "Ninakubali kufuata bei, lakini mupaka 4." Ni haki yake kuomba. Lakini tukikubali dari, tuitoze bei. Ukumbuke 2021: dari ya 4 ingetuachia hasara ya 3 mu mwaka mumoja. Kama anataka dari, aongeze asilimia ya kweli juu ya namba, ao aandike kama kile kilibakia juu ya dari kitalipwa mwaka wenye kufuata. Na akikataa kufuata bei kabisa, akitaka namba ya kufungwa, basi namba hiyo ianzie juu ya pengo la siku ile, juu sisi njo tunabeba hatari yake, na hatari haibebwe bure.

Ine, kila sendika itunze kartasi yake ya soko: gunia la unga la kilo 25, bidoni ya mafuta, gunia la makala, nauli ya kwenda kazini, nyumba ya kulipia. Bei iandikwe mu franka na mu dola, soko lilelile, juma lilelile la mwezi, na mama wawili wenye hawako wa kamati waweke sahihi. Kartasi hiyo ikipita namba ya Amerika kwa kiasi chenye tumekubaliana, tuseme asilimia 5 kwa miezi sita, mazungumuzo yafunguliwe tena bila kungojea mwisho wa konvansyo.

Siku nilieleza mambo haya ku mukuu wa wafanyakazi wa kampani ingine, alinitazama kwa muda, kisha akasema: "Bei ya kobalti ikianguka, nitapata wapi feza za kufuata bei yako?" Nikamujibu kama mashine zake anazikodisha kwa konta zenye kufuata bei, na hakuna mutu anaita zile konta upuuzi. Tena nikamukumbusha kitu chenye wengi wanasahau: mwaka wenye bei zinapanda 1 tu, kifungu kinamulipisha 1, wakati namba ya kufungwa ingemulipisha 2. Kifungu hakimunyangi. Kinatosha tu mu chumba ile mchezo wa kubahatisha, penye yeye iko na wahasibu wa kumusaidia na sisi tuko na wimbo.

Askari wa Masachusetsi hawakuuliza kama malipo yao iko mu feza gani. Waliuliza malipo yatanunua mahindi ngapi, nyama ngapi, ngozi ya viatu ngapi. Wadelege wenzangu, mara ijayo wenzetu wa ku mulango wakituuliza "Iko mu dola?", tusikimbilie kusema ndiyo. Tuwajibu kama ni dola za mwaka gani.